Pongezi kwa Tarehe 1 Januari: Barua ya Wazi kwa FIFA

Waheshimiwa wa FIFA, Zurich,

Baada ya salamu, nawapongeza kwa ugunduzi wenu kwamba kipaji cha mpira huzaliwa Januari, hupungua mwezi baada ya mwezi, na ifikapo Desemba kimekwisha kabisa.

Mwanangu alizaliwa tarehe 29 Desemba. Kwa kalenda yenu ni rika moja na mtoto wa tarehe 2 Januari mwaka huo huo, ingawa siku mwanangu anakatwa kitovu, mwenzake alikuwa anajaribu kusimama dede. Wakifika miaka kumi, pengo hilo bado ni karibu sehemu ya kumi ya maisha yao. Yule mkubwa anaufikia mpira kwanza, anampiga mdogo kikumbo, na kocha pale pembeni anaandika: "Ana kipaji." Kuanzia hapo anapewa mazoezi mengi, mechi nyingi na mwalimu mzuri. Baada ya miaka mitano anaujua mpira kweli, na kocha anajisifu kwamba aliona mbali.

Wabelgiji walithibitisha hekima yenu. Zamani rika la vijana wao lilihesabiwa kuanzia 1 Agosti, na timu zilijaa waliozaliwa kati ya Agosti na Oktoba. Mwaka 1997 wakahamia 1 Januari, kama mnavyotaka. Mtafiti Werner Helsen na wenzake walipokagua orodha, wa Januari hadi Machi ndio waliojaa. Yaani kipaji kilisoma waraka, kikafunga mizigo, kikahama mwezi.

Aibu kidogo ni huyu Harry Kane. Akademi za Uingereza huanza rika Septemba. Yeye ni wa tarehe 28 Julai 1993, karibu kabisa na mkia. Arsenal walimwacha angali mtoto, kisha akawa mfungaji bora wa taifa lake wa nyakati zote. Nakubali, mmoja si ushahidi. Ila sijui tuwaulize wapi wale wa Julai waliokwenda nyumbani wakaacha mpira.

Kuna dawa, samahani kwa kuitaja. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2017, wasaka vipaji walioonyeshwa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi waliendelea kuwapendelea wakubwa. Lakini namba za jezi zilipopangwa kwa umri, nao wakajulishwa hivyo, upendeleo ulitoweka. Walikuwa wakimwona mtoto na umri wake kwa jicho moja.

Mkiona kazi ya kupanga jezi ni kubwa mno, basi fanyeni lililo rahisi: toeni waraka kwa kliniki zote za uzazi kwamba wapenda mpira washike mimba Aprili tu. Sisi tuliokwishachelewa tutaomba mwanya maalumu, na mwanangu atawasilisha cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya kuomba radhi.

Wenu mtiifu,
Mzazi wa Desemba