Nilihitimu Kabla Chuo Hakijazaliwa

Chuo nilichosomea pale Tudor, Mombasa, kimebadilisha jina kama mtu anayekimbia madeni. Wazee wetu walikijua kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora. Mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi, 1972 kikawa Politekniki, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikapata hati yake na kuitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Sisi wa enzi za Politekniki tunasema "Poli" tu, na makanga anakushusha langoni.

Jeddah hakuna makanga wa Tudor. Huku fundi wa umeme, ili kazi iliyoandikwa kwenye ikama yake isimletee balaa, husajiliwa na Baraza la Wahandisi la Saudia, na kabla ya kusajiliwa cheti chake huulizwa kule kilikotoka. Kazi ya kujaza fomu alipewa kijana mmoja mpole wa ofisini kwetu. Alitafuta jina la Politekniki kwenye orodha, akalikosa, akachagua lililokaribiana nalo. Kisha akaangalia stashahada yangu ya 1998, akaangalia skrini, akanitazama kwa huruma.

"Ya akhi, chuo hiki kimeanza 2013. Wewe umehitimu miaka 15 kabla hakijazaliwa."

Nikamweleza kuwa ni chuo kilekile, majengo yaleyale, hata miembe nadhani ni ileile. Akasema vizuri, basi waniandikie cheti kingine chenye jina jipya. Hilo haliwezekani. Cheti hubaki na jina lililokuwepo siku kilipotolewa, hata taasisi ibatizwe mara ngapi. Unachoweza kupata ni barua ya msajili inayosema kwamba chuo cha sasa ndicho kilichorithi kile cha zamani pamoja na kumbukumbu za wanafunzi wake.

Akahamia kwenye alama. Matokeo yangu ya hisabati yalikuwa 2. Akashusha sauti, akaniambia maisha ni mtihani. Ikabidi nimweleze kwamba katika mitihani yetu ya ufundi 1 na 2 ndizo alama za juu kabisa, 3 na 4 zinafuata, na ukishafika 8 ndipo watu wa nyumbani wanaanza kukusemea taratibu. Sidhani aliniamini. Kwake, mtu mwenye 8 ndiye angestahili kugusa swichi ya kiwanda.

Aliyetuokoa ni shangazi yangu wa Mombasa, karani mstaafu, ambaye hakuuliza nilisoma wapi. Aliuliza, "Mwanangu, hicho cheti kimetiwa sahihi na nani?" Nikakitoa kwenye bahasha. Jina la juu kabisa halikuwa la Poli. Lilikuwa la Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya, lililoundwa 1980 na halijabadilisha jina hata siku moja. Stashahada za Politekniki zama zetu zilitahiniwa na Baraza. Chuo kilitufundisha, kikatulisha maharagwe, basi. Hata namba yangu ya mtihani ilianza na namba ya kituo, na namba ya kituo haijali kibao cha langoni kinasema nini.

Kijana akafuta chuo kwenye nafasi ya mtoa cheti, akaandika Baraza. Mimi nikaingia kwenye mfumo wa Baraza wa mtandaoni, QMIS, nikaomba wathibitishe matokeo, shangazi akalipa kwa M-Pesa, nasi tukaanza kusubiri. Kusubiri kwenyewe kuna vituko vyake. Saa za Jeddah na Nairobi ni zilezile, ila wiki hazilingani: Ijumaa Nairobi wako kazini, huku watu wako msikitini na kwenye biriani, Jumapili huku tumeamka mapema, Nairobi simu inaita hadi inachoka. Siku za kusikilizana ni Jumatatu hadi Alhamisi, tena ukiondoa sikukuu za pande zote mbili.

Jibu lilikuja, nikasajiliwa. Nikajiona bingwa, hata nikaanza kuwashauri wenzangu, mpaka akapiga simu kijana wetu mmoja aliyeko Riyadh. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu aende kwa Baraza. Akasema cheti chake ni cha 2011, na juu kabisa kimeandikwa jina la chuo kikuu kishiriki, kwa kozi ambayo chuo chenyewe kiliitahini. Baraza halimjui hata kwa sura. Kwake yeye njia ni ya msajili: barua ya urithi wa jina, nakala ya rekodi zake za alama, na anwani ya barua pepe ya chuo ambayo wahakiki watajibiwa kwayo. Nikampa namba ya shangazi. Sasa shangazi anadai nauli ya tuktuk ya kwenda Tudor, na anataka ilipwe kwa riyali.