Namna ya Kumchosha Mwizi wa Mchezo

Mwizi wa mchezo hana haraka. Anatafuta kikundi chenye upendo mwingi na karatasi chache, anajitolea kuwa mweka hazina, kisha anasubiri. Mwongozo huu ni wa kumchosha.

Tuchukue kikundi cha mfano: akina mama 12 wa sokoni Mwanhuzi, kila mmoja akitoa 20,000 kwa wiki. Jambo la kwanza ambalo mwizi atapendekeza ni kutumia akaunti yake mwenyewe, "ili tusisumbuke na mambo ya benki". Sumbukeni! Fedha iliyo kwenye akaunti ya mtu binafsi ni yake machoni pa benki, na akifariki inaingia kwenye mirathi. Mtagombea haki yenu mahakamani pamoja na watoto wake. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopa husajiliwa kupitia halmashauri, kwenu ikiwa ni ya Wilaya ya Meatu. Nendeni benki na cheti cha usajili, katiba, vitambulisho vya NIDA na muhtasari wa kikao kilichowachagua watia saini, uliosainiwa na wanachama. Muulizeni afisa wa benki mapema kama anahitaji kingine.

Watia saini wawe watatu, na fedha itoke kwa saini za wawili. Mkidai saini zote tatu, siku mmoja akihamia Bariadi au akilazwa hospitalini fedha itakwama. Saini moja nayo ni kumkabidhi mwizi funguo. Wala msiweke mke na mume, au mtu na dada yake: hizo ni saini mbili za nyumba moja.

Hapo mwizi anageukia simu. Atasema akaunti iunganishwe na namba yake ili aangalie salio kirahisi. Kama namba hiyo inaweza pia kutoa fedha, namba moja ya siri imeshazifuta saini zenu mbili. Iambieni benki kwa maandishi kwamba simu ipokee ujumbe wa miamala tu, na ujumbe huo uende kwa katibu ambaye si mtia saini. Fomu ya kutolea fedha isisainiwe ikiwa tupu, hata kama mweka hazina anawahi basi la Mwanza. Fomu tupu yenye saini ni fedha taslimu.

Sasa hesabu, na hapa ndipo mwizi anapochoka kweli. Kila mwanachama aweke 22,000 badala ya 20,000. Aweke mwenyewe kwa wakala, jina lake lionekane, na katibu alinganishe risiti na taarifa ya benki, kwa kuwa risiti huweza kughushiwa. Jumla ni 264,000. Mwenye zamu anahamishiwa 240,000 kwenye akaunti yake, bila kushikana noti mkononi. Zinabaki 24,000, ambazo ni akiba ya dhamana. Mmoja akishindwa kulipa, akiba hiyo inafidia na mwenye zamu anapata fungu lake kamili.

Raha ya mpango huu ni kwamba kila mtu anaweza kukagua bila kusomea uhasibu. Baada ya zamu ya 5 salio linapaswa kuwa 120,000, ukitoa makato ya benki. Likiwa 98,000 wakati makato ni kidogo, lazima daftari la katibu lioneshe jina la mtu mmoja ambaye hakuweka 22,000 zake. Hakuna jina? Simamisheni malipo siku hiyohiyo, mpaka taarifa ya benki isomwe kwa sauti mbele ya wote. Taarifa hiyo ichapishwe benki. Msikubali picha iliyotumwa na mweka hazina.

Akiba hiyo ina mpaka wake. Wiki ya kwanza inabeba mtoro mmoja tu, na hatari kubwa ni mtu kupokea mapema kisha kutoweka. Kwa hiyo wageni wapangiwe zamu za mwisho, na wengine wapige kura. Muda wa kuanza pia una uzito: Meatu ni nchi ya pamba, na 20,000 inayopatikana upesi wakati wa mauzo huwa mzigo mashambani yakiwa bado yanapaliliwa. Mchezo wa wiki 12 uanze pamba inapoanza kuuzwa, uishe kabla mifuko haijakauka.

Zamu ya 12 ikilipwa, zinabaki 288,000 kama hakuna aliyekwepa. Toeni makato, mrudishie kila mmoja sehemu yake. Kama kuna mtia saini anayeondoka, andikeni muhtasari na mpeleke benki jina la mrithi wake kabla mzunguko mpya haujaanza.