Filamu Ndani ya Goli

Vijana wa mtaani kwetu hapa Tanga walipomaliza filamu yao ya dakika arobaini, waliunda kamati ya kuionyesha uwanjani, na mimi nikapewa cheo cha mratibu kwa sababu nina meza kubwa. Kikao cha kwanza kiliisha upesi mno. Mjumbe mmoja alisema skrini tusiihangaikie, goli lipo. Tufunge shuka kwenye milingoti na mtambaa panya, kazi imekwisha. Watu wakapiga makofi.

Nilichukua kalamu. Goli la vipimo kamili lina urefu wa mita 2.44 kwenda juu. Shuka letu, lililoshonwa na fundi cherehani kutoka mashuka meupe mawili, lilikuwa na upana wa mita nne na kimo cha mita mbili na robo. Ukilifunga juu kabisa, chini linabaki kama sentimita ishirini kutoka ardhini. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kichwa chake kinafika mita moja na robo hivi, na bado hujamhesabu bibi mwenye kilemba. Safu ya mbele ingeona filamu. Waliobaki wangeona visogo. Kamati ilinisikiliza kwa heshima, ikaamua tujaribu goli kwanza.

Mwezi wa sita kusi haina mzaha. Shuka lilipokwisha kukazwa kwa kamba pande zote, upepo ulilijaza, kamba mbili zikakatika, likapaa hadi kwenye mwarobaini. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha jahazi, ambaye hakuna aliyemwalika, akatuambia kamba isiyovutika lazima ikatike. Alikata tyubu kuukuu za baiskeli kuwa mikanda, akalifunga shuka kwa mikanda hiyo kwenye nguzo ndefu za mianzi tulizochimbia, ukingo wa chini ukiwa juu ya kichwa cha aliyeketi. Upepo ukija, mpira unavutika, kisha unarudi. Filamu ilionekana kupumua kidogo, lakini haikupaa tena.

Tangazo la vijana lilisema saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo jua lingali linatazama, na projekta ya lumeni elfu tatu, inayong'aa vizuri gizani, mbele ya jua ni kibatari. Tukasogeza hadi saa mbili, watu wakitoka swala ya Isha. Watoto walikuwa wameshakaa tangu saa kumi.

Giza lilipoingia, muuza duka wa pembeni akawasha taa yake mpya ya ulinzi, ikaelekea shukani moja kwa moja. Watu wengi hawajui kwamba projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi unaouona ni shuka lenyewe mahali ambapo mwanga haukufika, kwa hiyo taa yoyote inayoligusa hugeuza usiku kuwa kijivu. Na nusu ya filamu yetu ilikuwa usiku, ndani ya mtumbwi! Tulimbembeleza muuza duka, akakubali kuzima kwa sharti kwamba soda zote zinunuliwe kwake. Nadhani alikuwa ameipanga.

Spika zilikuwa za mkodishaji wa shughuli za harusi, naye besi kwake ni dini. Mhusika akisema "nakupenda mama", ardhi ilitetemeka na maneno hayakusikika. Tulipunguza besi, tukainua spika juu ya meza kando ya shuka ili sauti ipite juu ya vichwa, maneno yakatoka. Lakini alikuwa ameunganisha kwa blututhi, hivyo midomo ilitangulia na sauti ikafuata nyuma, kama tuko kibanda umiza. Mbaya zaidi, blututhi ilimkumbuka bwana wake. Pale msibani, mama wa filamu akilia, simu ya mkodishaji ikaita, na taarabu yake ya mlio ikafunika kilio. Watu walishangilia kuliko sehemu nyingine yoyote. Waya tuliupata dukani kwa yule yule wa taa.

Kisha jenereta ikaishiwa petroli. Ilijazwa mara moja, lakini taa ya projekta yetu ikizimika ghafla haiwaki mpaka ipoe, na dakika hizo ndizo zilizotumika kugombea viti.

Mjadala ulipaswa kuanza majina yakiwa bado yanapita, kabla mtu hajasimama, na katika hilo tulifanikiwa. Mwongozaji alitaka kuulizwa kuhusu ukimya wa mama. Swali la kwanza lilitoka mkekani, kwa mvuvi: kwa nini mtumbwi ule unaelekea baharini huku mawimbi yanaonyesha unarudi? Mjadala ukanoga hadi saa nne. Swali la pili lilikuwa yule mbuzi wa kwenye filamu alilipwa kiasi gani, nalo halijajibiwa hadi leo.

Viti viwili havijarudi. Ni vya kukodi, vyekundu, kimoja kina ufa mguuni. Aliyenavyo avipeleke dukani, taa ya ulinzi imeshawashwa.