Jinsi ya Kutunga Swali Ambalo Jibu Lake Unalo Tayari

Umefika mwaka wa tatu, shahada ya ujasiriamali, na pendekezo la utafiti linatakiwa Ijumaa. Vizuri. Fuata maelekezo haya kwa utulivu na usiruke hatua. Waliotangulia hawakuruka, na tasnifu zao ziko maktaba zimejaa vumbi, zote zimefaulu.

Anza na kichwa. Usianze na swali, maana swali litakuchelewesha. Kichwa kina mtambo wake: mchango wa kitu fulani katika ukuaji wa kitu kingine, halafu nukta pacha, halafu uchunguzi kifani wa kata unakoishi shangazi yako, ili nauli na chakula visikusumbue. Tutatumia mfano huu hadi mwisho: "Mchango wa Mikopo ya Halmashauri katika Ukuaji wa Biashara za Mama Lishe: Uchunguzi Kifani wa Kata ya Manzese". Kinapendeza. Mikopo hiyo ndiyo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Msimamizi atatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu alisimamia kinachofanana nacho mwaka jana. Tahadhari: usimwulize kile cha mwaka jana kiligundua nini. Hakumbuki, na atadhani unamtega.

Sasa andika malengo mahususi. Yawe matatu. Mawili yanaonesha uvivu, manne yanaonesha kwamba hutamaliza. Kila lengo lianze na "kuchunguza", "kubainisha" au "kutathmini", na vitenzi visijirudie. Kisha geuza kila lengo liwe swali la utafiti kwa kuondoa kitenzi, kubandika "Je" mbele na alama ya kuuliza nyuma. "Kuchunguza mchango wa mikopo katika ukuaji" inakuwa "Je, mikopo ina mchango gani katika ukuaji?" Umemaliza maswali ya utafiti kwa dakika nne. Msomaji mkorofi anaweza kuona kwamba swali hilo limeshajibu nusu yake, kwa kuwa linachukulia mchango upo na linauliza ukubwa wake tu. Msomaji huyo hayumo kwenye kamati ya idara. Kamati huhesabu: malengo matatu, maswali matatu, nadharia tete tatu. Ukikosea hesabu hiyo pendekezo litarudishwa siku hiyohiyo. Ukikosea mengine yote, hutarudishiwa kitu.

Hapa kuna kishawishi cha kuepuka. Usiku, umeme ukiwa umekatika na huna la kufanya, unaweza kujikuta umetunga swali la kweli. Litakuwa la namna hii: kati ya mama lishe walioanza biashara kipindi kimoja, kwa mtaji unaokaribiana, waliopata mkopo na waliokosa wanatofautiana vipi kwa sahani wanazouza kwa siku, miaka miwili baadaye? Lifute. Swali hili linaweza kuwa na majibu matatu: waliokopa wanauza zaidi, wanauza pungufu, au hakuna tofauti. Ukiliacha, itakubidi uende ukaangalie. Ukiangalia, huenda jibu likawa lile ambalo hukuliandalia sura ya tano.

Linalofuata ni neno "ukuaji". Kila mtu analitumia na hakuna atakayekutaka ulieleze, kwa hiyo usijipe kazi. Lakini kwa kuwa utafika Manzese, ni vizuri ujue kinachokusubiri. Mama lishe anayefanya vizuri anaweza kuongeza sufuria, au benchi, au binti wa kuosha vyombo. Anaweza pia asiongeze chochote, kwa sababu faida yote imekwenda kwenye sare za shule na kumalizia chumba cha pili kule anakojenga. Je, biashara imekua? Ukipima kwa wafanyakazi, haikukua. Ukipima kwa maisha ya mwenye biashara, imekua sana. Faida yenyewe ukimwuliza, atakutazama kama mtu wa kodi, kisha atakutajia kiasi kidogo kwa tahadhari. Daftari hana. Hesabu iko kichwani, na wali na mboga za jana aliwalisha wanawe bila kumwandikia mtu yeyote bili.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa njia ya mkato humpa sentensi badala ya swali. Hojaji yako iseme: "Mkopo umekuza biashara yangu." Chini yake weka ngazi tano, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana sana". Ngazi hizi zilibuniwa na Rensis Likert mwaka 1932 kupima mitazamo ya watu, na kwa mitazamo zinafanya kazi vizuri. Wewe utazitumia kupima biashara. Utapelekwa kwa mama huyo na mwenyekiti wa kikundi chake, ambaye ndiye atakayepitisha jina lake kwenye awamu ijayo ya mikopo, naye atasimama pembeni akisubiri. Mama atakwambia, "Mwanangu, andika nakubali zote, wateja wangu wamesimama." Andika. Tahadhari: ulichopima ni adabu, na adabu ya Manzese iko juu sana, kwa hiyo wastani wako utatoka 4 na kitu. Usishangilie mbele za watu.

Jambo dogo la kupita haraka: mkopo ulitolewa kwa kikundi, sahani zinauzwa na mtu mmoja mmoja. Wanachama waligawana fedha zilipoingia, na si lazima wawe waligawana sawa. Ukimwuliza kila mmoja amekopa kiasi gani, baadhi watakutajia fungu la kikundi na wengine fungu lao. Zijumlishe tu. Programu ya SPSS haiulizi.

Tumefika kwenye nadharia tete, ambako ndiko watu huvunjika miguu. Kila moja kati ya zile tatu utaiandika kwa sura mbili. H0 ni ya kukanusha: hakuna uhusiano kati ya mkopo na ukuaji. H1 ni ile unayoipenda. Kwa utaratibu wa kitabu, H0 ndiyo inayopandishwa kizimbani, na data ikiwa nzito kiasi cha kutosha inakataliwa. Isipokataliwa, hujathibitisha kwamba uhusiano haupo, umeshindwa tu kuuona. Maneno haya yaandike kwenye sura ya tatu, kwa sababu yanatakiwa. Kisha kwenye sura ya nne andika "nadharia tete imethibitishwa", kama kila mtu.

Kabla hujaendelea, chungulia orodha yako ya wahojiwa. Umeipata wapi? Kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye amekupa majina ya wanakikundi waliokopa na wanaorejesha. Wote wamekopa. Basi mkopo si kigeu tena, kwa sababu haugeuki: kwa kila mhojiwa jibu ni "ndiyo". Huwezi kuuhusisha na ukuaji, wala na kitu kingine chochote chini ya jua. Programu itakuandikia kwamba uhusiano hauwezi kukokotolewa kwa kuwa kigeu kimoja hakibadiliki. Wengi huchukulia kwamba kompyuta imeharibika. Na wale waliokopa, biashara ikafa, wakarudi Singida au wakahamia kuuza mitumba, hawamo kwenye orodha. Uliowakuta ni waliobaki. Utagundua kwamba mikopo husaidia biashara zote ambazo hazikufa.

Ili ujue gharama ya kufanya vinginevyo, kuna mfano wa Hyderabad, India. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walichukua mitaa 104, wakateua 52 kwa bahati nasibu ifunguliwe huduma ya mikopo midogo kwanza, wakawasubiri watu wa pande zote mbili na kuwapima. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 2015. Biashara zilizokuwepo tayari ziliwekeza zaidi, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda kwa namna ya kuonekana, wala elimu, afya na nguvu ya wanawake nyumbani. Nadharia tete zao ziliruhusiwa kushindwa, na nyingine zikashindwa. Wewe una wiki sita na simu yenye chaji nusu. Lakini unaweza kupita mtaa wa pili ukawahoji mama lishe 30 ambao vikundi vyao viliomba mkopo vikakosa, ukalinganisha. Hautakuwa ushahidi kamili, ila kigeu chako kitaanza kugeuka. Tahadhari: usimtajie afisa wa kata wazo hili. Waliokosa mkopo nao wana mengi ya kukueleza, na mengine yanamhusu.

Ukubwa wa sampuli ni rahisi, kwa sababu kuna fomula na fomula haibishaniwi. Ni ya Taro Yamane, kitabu cha 1967:

```
n = N / (1 + N * e^2)
```

Tuseme Manzese ina mama lishe 1,200, na e ni 0.05. Unapata 1,200 ugawe kwa 4, yaani 300. Fomula hii ilitengenezwa kwa anayetaka kukadiria asilimia, mfano ni mama lishe wangapi kati ya mia wanatumia gesi. Haijui nadharia tete yako ni ipi, wala tofauti unayoitafuta ni kubwa au ndogo. Andika 300, kisha uhoji 60, kisha utafute aya ya kueleza "ugumu wa upatikanaji wa wahojiwa". Kwa watu 60, uwiano usiofika takribani 0.25 hautaonekana hata kama upo. Hili lisikukoseshe usingizi. Halijawahi kumkosesha mtu cheti.

Mwisho ni thamani ya p. Unaitaka chini ya 0.05 na imetoka 0.07. Usilie. Jaribu umri. Jaribu elimu, ndoa, idadi ya watoto, umbali wa kituo cha daladala. Ukijaribu vitu 20 ambavyo havina uhusiano wowote na kila kimoja kikisimama peke yake, uwezekano wa angalau kimoja kuangukia chini ya 0.05 kwa bahati tu ni asilimia 64 hivi. Kituo cha daladala kitakubali. Rudi sura ya kwanza, andika kwamba tangu mwanzo ulihisi daladala ndizo zinazoamua. Norbert Kerr aliipa tabia hii jina mwaka 1998, akailalamikia kwa kirefu, nayo inaendelea kwa afya njema.

Siku ya utetezi vaa shati la mikono mirefu. Mtahini wa nje atafungua ukurasa mmoja tu, wa nadharia tete, na kuuliza kwa upole: "Binti yangu, kama mikopo isingekuwa na mchango wowote, kwenye hojaji hii ningeonaje?" Mtazame msimamizi wako. Yeye wakati huo atakuwa anatafuta miwani. Kunywa maji, na uje na chupa kubwa, kwa sababu ile ndogo haitatosha.