Yah: Kusahihishwa Upya kwa Maji Maji

Mjomba alisoma matokeo yangu mbele ya kamati ya harusi. Hakuna aliyemwomba. Ajenda ilikuwa michango, na mhazini alikuwa bado anataja walioahidi wakaingia mitini, mara mjomba akavaa miwani, akafungua simu na kutafuta namba yangu ya mtihani, ambayo mama alimpa kwa nia njema. Matokeo ya kidato cha nne hutolewa hadharani, shule nzima kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo anayeijua namba yako amekwisha kukuvua nguo. Akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba. Kiswahili B, wajumbe wakaguna kwa kuridhika. Jiografia C, wakanyamaza kwa adabu. Kisha akafika penye HIST - 'D', akarudia kwa ajili ya waliokaa nyuma.

"Si ndiye huyu anayetukosoa kila tukitaja mwaka?" akauliza mwenyekiti.

Shangazi akanisogezea soda na kunishika bega, kama mfiwa. Mhazini, nadhani kwa kunihurumia, akarudi kwenye michango.

Usiku uleule nikaandika: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtahiniwa niliyedhulumiwa." Asubuhi nikampelekea jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyewahi kusahihisha mitihani. Akasoma sentensi hizo mbili, akaniuliza: "Unataka wajumlishe upya, au wasahihishe upya?"

Sikujua kama ni vitu viwili. Nikakaa kwenye mkeka, na kusema kweli nikasahau hasira kwa muda, kwa sababu mambo aliyonieleza ni matamu.

Kabla msahihishaji hajagusa karatasi ya mtu, alisema, wote hukaa na mwongozo wa majibu. Huchukua karatasi chache za mfano, kila mmoja akasahihisha peke yake, kisha wakalinganisha. Huyu katoa 11, yule katoa 6, basi wanabishana mpaka mikono yao ikaribiane. Baada ya hapo kila mtu hupewa swali lake. Wa Maji Maji hasomi kingine, ni Maji Maji asubuhi na Maji Maji jioni, mpaka awe amemwona Kinjikitile akinyongwa mara nyingi kuliko Wajerumani wenyewe walivyoweza kumnyonga. Hana muda wa kufurahia lugha yako. Macho yake hukimbilia sentensi ya kwanza ya kila aya, akiikuta hoja anapiga vema, anashuka aya inayofuata. Alama za ndani huhamishiwa jalada la mbele, zikajumlishwa, na mwingine akahakiki hesabu.

Basi kujumlisha upya hukamata makosa ya mkono: kurasa mbili zilizogandana, alama iliyobaki ndani bila kufika jaladani, 13 iliyoandikwa 3. Kusahihisha upya ni kumpa mtu mwingine karatasi ileile na mwongozo uleule. "Ni kumrudishia mwenye duka sukari aipime tena kwa mizani yake," alisema. "Kama mkono wake ulitetemeka, utapata haki yako. Kama tatizo ni mizani, utapata jibu lilelile. Kwa hiyo usiseme mwongozo umekosea. Waoneshe kwamba hoja zao unazo."

Hapo ndipo barua yangu ilipoanza kunenepa.

Swali lilitaka sababu sita za kushindwa kwa Vita vya Maji Maji. Darasani tulikaririshwa hesabu yake: utangulizi alama 2, kila hoja 2, hitimisho 1, jumla 15. Hoja sita tulizijua kama namba za simu: silaha duni, kukosa umoja, kuuawa kwa viongozi, mashamba kuchomwa, Wajerumani kuongezewa askari, na imani potofu katika maji. Ukiziandika hizo, kila moja na aya yake, umemaliza, unaweza kulala.

Mimi hiyo ya sita ilinikwama kooni. Watu wa Umatumbi waling'oa pamba mwishoni mwa Julai 1905. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Tarehe 30 Agosti maelfu walivamia boma la Mahenge, bunduki za rashasha zikawafyeka, na kila aliyesalia akajua kwamba risasi haigeuki maji. Kama vita ilisimama juu ya imani hiyo peke yake, ingeisha jioni ile. Mbona iliendelea mpaka 1907? Wangoni walipambana kwa miezi kadhaa baadaye, hata baada ya wakubwa wao kunyongwa Songea Februari 1906. Nikaandika kwamba maji ndiyo yaliyowaleta Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni kwenye vita moja, watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala boma moja. Kilichowamaliza ni njaa: Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Hivyo barua yangu ikamtembeza msahihishaji wa pili kwa mkono. Silaha duni ziko hapo Mahenge, kwenye rashasha. Vifo vya viongozi viko Mohoro na Songea. Kukosa umoja kuko kwenye aya ya Wahehe, ambao vita ya Mkwawa iliyoisha 1898 ilikuwa imewachosha na ambao safari hii walikuwa upande wa Mjerumani. Askari wa kuongeza wako kwenye sentensi ya manowari. Kuchoma mashamba ndiyo insha yenyewe. Ni hoja tano, alama 10, pamoja na utangulizi na hitimisho ni 13. Hata hiyo ya sita nimeitaja, ila nimeikataa kwa sababu zilizo wazi. Kinachokosekana ni maneno "Sababu ya kwanza ni" mwanzoni mwa aya, na hoja mbili kati ya hizo tano zilikaa ndani ya aya moja kwa sababu matukio yake yalitokea mwezi mmoja.

Namba ya kulipia kusahihishwa upya niliyopewa ilikuwa ya mtu mwingine. Mkuu wa shule, ambaye lazima barua ipite kwake, aliusahihisha uandishi wangu kwa kalamu nyekundu ndipo akagonga mhuri.

Alinishauri pia nifute aya ya mwisho, akasema haiombi kitu. Nimeiacha, kwa sababu inaomba. Yote niliyowatajia kuhusu insha yangu nimeyaandika kwa kumbukumbu, maana mtahiniwa harudishiwi karatasi yake. Mjomba anaruhusiwa kuisoma D yangu mbele ya wajumbe, lakini mimi siruhusiwi kuona ni wapi nilipokosa vema. Insha yenyewe niliiandika kwa Kiingereza, kuhusu vita ambayo wazee wa Umatumbi waliwasimulia wajukuu wao kwa lugha ambayo isingewapa hata alama ya utangulizi. Nimekubali kulipia kupimwa tena. Ninachoomba, pamoja na herufi mpya au ileile, ni karatasi moja inayosema hoja ipi ilihesabiwa, ipi haikuhesabiwa, na kwa nini Mahenge si ushahidi.