Kutoka 7 Hadi 1: Kuruka Chini Kunaanzia Mchangani

Mazoezi ya UMITASHUMTA yakianza huku kwetu, Shinyanga mpaka Geita, darasa zima hupangwa mstari mmoja mrefu, filimbi inalia, na kila mtoto anakimbilia ubao kwa nguvu zake zote. Wengine wanaupita. Wengine wanaufikia na kusimama wima, wanauangalia. Wachache wanaruka, na kati ya hao wengi wanatua kwa makalio. Mwalimu mwenzangu, kosa haliko kwa watoto. Tunawafundisha mbio kwanza, kujirusha pili, kutua mwisho, kwa sababu ndivyo mambo yanavyofuatana siku ya mashindano. Tugeuze. Tuanzie mchangani turudi nyuma, na ubao uje mwisho kabisa. Haya, hesabu inashuka.

7. Mchanga: hapa kila mtu ni bingwa wa kuchimba

Ukanda mzima huu unajua koleo na sururu, kwa hiyo shimo si tatizo. Kanuni zinataka upana usiopungua mita 2.75. Kwa shule ya msingi, urefu wa mita 7 au 8 unatosha, na kina kisipungue sentimeta 30. Uso wa mchanga uwe sawa na uso wa njia ya kukimbilia.

Swali zito ni mchanga wenyewe. Mwenye lori atakuja na moyo mweupe akusaidie: "Mwalimu, marudio yapo bure kabisa, nikuletee tripu mbili?" Mshukuru, mpe maji ya kunywa, halafu kataa. Marudio ni mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa dhahabu, na kwa wachimbaji wadogo dhahabu hiyo hukamatwa kwa zebaki. Zebaki inabaki kwenye mabaki hayo, na watoto wetu wanaruka peku, wanatua humo kwa mikono na uso. Isitoshe marudio ni unga laini: yakilowa yanashikana, yakikauka yanakuwa sakafu. Chukua mchanga wa mtoni, ule wenye punje kubwa unaobaki mito yetu ya msimu inapokauka.

Kila siku kabla ya kuruka, pindua mchanga wote kwa jembe, kisha pitisha reki. Wanaojua bugobogobo wapewe jembe kwanza, kazi itaisha na wimbo wake. Reki ndiyo itakayokutolea miiba ya migunga na vipande vya chupa.

Na njia ya kukimbilia? Itafute juu, kwenye luseni. Ukiipitisha kwenye mbuga nyeusi, masika inawanasa watoto miguu, na kiangazi inapasuka nyufa za kumeza kifundo cha mguu.

6. Kutua: anayekaa chini analipa kwa sentimeta

Wapange kando ya shimo, ubavuni pale penye urefu, wanne au watano kwa mara moja. Hakuna mbio. Miguu pamoja, mikono inarudi nyuma, wanaruka mbele na kutua kwa miguu miwili. Foleni ya watoto 40 inaisha haraka, na hakuna anayechoka kusubiri.

Unachotafuta ni hiki: visigino vinagusa mchanga kwanza, mbele ya mwili. Mara tu vinapogusa, magoti yanakunjika na kiuno kinasukumwa mbele mpaka kivuke pale visigino vilipochimba. Waambie hivi: "Makalio yaende yakaone shimo la visigino." Watacheka, na hawatasahau.

Sababu iko kwenye upimaji. Rukio hupimwa kutoka kwenye alama iliyo karibu zaidi na ubao, alama ya kiungo chochote cha mwili. Visigino vikitua mita 3.60, halafu mtoto akaangukia nyuma na kiganja kikagusa mita 3.15, kinachoandikwa ni 3.15. Karibu nusu mita imeliwa na mkono wake mwenyewe! Mwoneshe alama zote mbili mchangani kabla hujapitisha reki. Somo hilo halihitaji ubao wa darasani.

Mfundishe pia kutoka kwa kusonga mbele. Akirudi nyuma kupitia mchangani, ataacha nyayo pale ambapo wewe unahangaika kupima.

5. Mguu upi? Usimpangie, ataupata mwenyewe

Mwache akimbie hatua tano na kuruka, mara tatu nne, bila neno lako. Angalia mguu unaosukuma ardhi mwishoni. Kisha mruke-rukishe kwa mguu mmoja hadi alama ya mbali, halafu kwa mwingine. Mguu wenye nguvu na uhakika utajitangaza. Anayeandika kwa mkono wa kulia mara nyingi huruka kwa mguu wa kushoto, lakini si sheria, na usimlazimishe. Andika jina na mguu wake kwenye daftari, songa mbele.

4. Kujirusha: goti juu, macho mbali, kelele kidogo

Anza kwa kutembea. Hatua tatu, anasukuma ardhi kwa mguu wake wa kurukia, goti la mguu mwingine linapanda mpaka paja liwe sambamba na ardhi, na anabaki hivyo hewani, mwili wima. Anatua kwa ule mguu ulioinuliwa na kuendelea kutembea. Usimdai kutua kwa miguu miwili bado. Unataka ajue hali ya kuondoka ardhini akiwa amenyooka. Hiyo ikikaa, nenda hatua tano za mbio nyepesi, uongeze kutua kwa miguu miwili, na hapo lile zoezi la namba 6 linakutana na hili bila maelezo marefu.

Mguu wa kurukia ukanyage kwa wayo karibu wote, haraka, na utoke. Tumia masikio. Kishindo kizito cha kisigino kinakwambia mtoto anafunga breki, na ndicho kinacholeta malalamiko ya kisigino kesho yake. Mlio mfupi wa wayo mzima ndio unaoutaka.

Kuna walimu wanaopiga kelele "juu, juu!" Nawaelewa, lakini tupunguze. Hata warukaji wakubwa duniani huondoka ardhini kwa pembe ya takriban nyuzi 20 tu, maana anayetaka kupanda sana lazima aue kasi yake. Mike Powell alifika mita 8.95 kule Tokyo tarehe 30 Agosti 1991, na rekodi ile ilijengwa juu ya mbio zake. Kwa mtoto, neno "goti" linatosha. Goti likipanda, mwili unafuata.

Na macho? Yakiangalia ubao, kichwa kinainama, kifua kinafuata, na rukio linazama mapema. Chomeka kijiti chenye kitambaa nyuma ya shimo, aangalie hicho. Miruko 10 hadi 12 ya namna hii kwa mtoto kwa siku inatosha. Ardhi yetu ya kiangazi ni ngumu, na miguu ni midogo.

3. Hatua mbili za mwisho: ngoma inajua kuliko maelezo

Hatua ya pili kutoka mwisho huwa ndefu kidogo na kiuno kinashuka kidogo, ya mwisho ni fupi na ya haraka. Ukimwambia hivyo mtoto wa darasa la tano, atarefusha hatua mpaka aanguke. Mpe mdundo: *taaa-ta!* Piga ngoma, piga ndoo, piga makofi. Hapa Usukumani watoto wanasikia Bagika na Bagalu wakishindana tangu wakiwa mgongoni. Mdundo mmoja wanaukamata kabla hujamaliza kuupiga. Ukiona anatupa mguu mbali mbele ili aufikie mstari, simamisha zoezi, mrudishe hatua tano.

2. Mbio: geuka, upime kinyumenyume

Hapa ndipo kwenye utamu, naomba tusiharakishe. Mbio za mwanzoni ni fupi: hatua 5, halafu 7, halafu 9. Unaongeza mbili tu pale anapoweza kuruka kwa kasi mpya bila kuvunja mdundo. Kwa umri wa shule ya msingi, hatua 9 hadi 11 zinatosha kabisa.

Tuchukue binti wa darasa la sita anayerukia mguu wa kushoto, kwa hatua 9. Idadi ni witiri, kwa hiyo hatua ya kwanza aipige kwa kushoto, na ya tisa itaangukia kushoto. Akianza na kulia, hesabu yote inaharibika, na utamlaumu bure.

Msimamishe kwenye mstari utakapokaa ubao, mgongo kwa mchanga. Akimbie kuelekea nyuma ya uwanja kama anavyokimbia siku ya kuruka, na mwenzake aweke kijiti pale kushoto kwake kunapokanyaga mara ya tisa. Arudie mara tano. Tuseme vijiti vimesimama mita 14.20, 14.60, 14.35, 14.45 na kimoja 15.30. Hicho cha mwisho kiache, siku hiyo alisisimka. Vilivyobaki wastani wake ni mita 14.40. Hapo ndipo atakapoanzia. Kama hakuna futi kamba, kamba ya katani yenye mafundo kila nusu mita inafaa, na mtoto ajue pia umbali huo ni nyayo ngapi za miguu yake, maana nyayo anasafiri nazo.

Sasa anageuka na kukimbilia shimo. Mara tatu mfululizo kidole chake kinapita mstari kwa kama sentimeta 25. Vizuri sana! Anakosa kwa mpangilio. Rudisha alama ya kuanzia sentimeta 25 nyuma. Angepungukiwa kwa kiasi hicho, ungeisogeza mbele vivyo hivyo.

Lakini akipita kwa 30, kisha akapungukiwa kwa 40, usiguse alama. Ugonjwa uko kwenye hatua mbili tatu za kwanza: mara hii ameanza kwa kuchapuka, mara ile ameanza kwa kujivuta. Mrudishe aanze akiwa amesimama, mguu uleule, nguvu ileile, mara nyingi bila kuruka, mpaka nyayo zake za mwanzo zilale juu ya zile za awali. Upepo wa mchana nao unasogeza alama, kwa hiyo pima upya kila siku ya mashindano.

1. Ubao: mgeni rasmi afike mwisho

Kabla ya ubao, watoto warukie eneo, si mstari. Chora kisanduku cha nusu mita, nyunyiza chokaa, na upime kutoka pale kidole cha mguu kilipoacha ardhi. Kila rukio linahesabiwa, kila mtoto anaondoka na kipimo chake, na nyayo kwenye chokaa zinakuandikia ripoti. Kila wiki punguza kisanduku, mpaka kibaki sentimeta 20, ambao ndio upana wa ubao halisi.

Ubao ukiingia, kasoro moja itajitokeza: mtoto anauona, anakatakata hatua nne za mwisho, kasi inakufa. Simama ubavuni na uweke alama yako wewe, pale mguu wake wa kurukia unapokanyaga hatua nne kabla ya ubao. Yeye asijue ipo. Akiigusa alama hiyo sawasawa halafu akakosea ubao, tatizo ni hofu ya mstari, mrudishie kitambaa cha kuangalia. Akiwa ameshaikosa alama yenyewe, tatizo ni mwanzo, rudini namba 2.

Mwamuzi wako naye asimame usawa wa mstari, ainame. Tangu Novemba 2021 kanuni za kimataifa zinafuta rukio kidole kikivuka ukingo wa ubao ulio upande wa mchanga, hata kikiwa hewani bila kugusa chochote mbele yake. Kukanyaga ubao wenyewe ni halali, na kukanyaga kabla ya ubao pia ni halali. Mwambie mtoto hilo la mwisho mara mbili kabla hajaenda kuanza mbio zake.