Naomba Unitajie Mahari

Msumari ulikuwa wa inchi tatu, nyundo ilikuwa yangu, na kidole gumba kilichopondeka kilikuwa changu vilevile, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Seremala mwenye bandeji mkono wa kulia anaweza kuwafokea vijana wake karakanani siku nzima, ila kuandika barua pepe hawezi. Mpwa wangu akanionyesha alama ya maikrofoni kwenye kibodi ya simu. "Anko, wewe ongea tu, yenyewe itaandika." Kumbe Kiswahili kimo humo tangu 2017, na mimi miaka yote nilikuwa najichosha.

Nikakumbuka imla ya shule ya msingi. Mwalimu akitamka "nukta", tulikuwa tunaweka kidoa. Hata yule wa nyuma kabisa hakuandika neno nukta. Simu yangu haikupita darasa hilo. Barua ya kwanza ilisomeka "habari za asubuhi mkato natumaini mu wazima nukta". Basi nikaacha kutamka alama, nikitumaini zitajiweka zenyewe. Hazikujiweka.

Wakati huo nilikuwa na oda ya viti 12 na meza ya mkutano kwa ofisi moja hapa Dar es Salaam. Aliyeshughulikia manunuzi alikuwa dada mmoja mpole, na nilitaka anieleze mzigo ushushwe wapi. Nimesimama Keko, mashine ya randa inaunguruma mgongoni, nikatamka: "Dada, naomba unitajie mahali, nije mapema kabla ya wengine." Sasa mimi nimelelewa Mwanza, na ulimi wangu haujawahi kuona sababu ya l na r kuishi nyumba tofauti. Simu ikaandika "dada naomba unitajie mahari nije mapema kabla ya wengine". Nikatuma bila kuangalia.

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana: "Kaka, hilo waulize wazee wangu. Viti vishushwe ghorofa ya kwanza."

Tangu siku hiyo nikawa nahakiki kabla ya kutuma, na ndipo nilipoelewa ubaya wa kosa la sauti. Kidole kikiteleza, huandika "mahslj", na mstari mwekundu unakukamata hapohapo. Sikio la simu likiteleza, huandika neno safi la kwenye kamusi. "Samani zenu" zinakuwa "thamani zenu", na hakuna mstari wowote, maana thamani ni neno halali. Majina ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa mengi ya kwetu ni maneno ya kila siku. Nilitaka kusema ankara nimemwachia Shida, binti wa mapokezi. Ikaandikwa "ankara nimewaachia shida mapokezi". Hiyo niliiwahi, nashukuru.

Ambayo sikuiwahi ni fupi kuliko zote. Wiki tatu zilipita, pesa haijaingia, nikatamka barua kwa mhasibu wao, kwa adabu: "Habari za kazi, mmeshalipa ankara yangu?" Safari hii nilihakiki kweli. Nilisoma kwa sauti mara tatu, neno kwa neno, kila neno liko sawa. Nikatuma.

"Tunashukuru kwa kuthibitisha," mhasibu akajibu.

Nilikaa juu ya kiti changu mwenyewe ambacho hakijalipiwa, nikaitazama ile barua. "Habari za kazi mmeshalipa ankara yangu". Katika lugha yetu, "mmeshalipa" ya kuuliza na "mmeshalipa" ya kutoa taarifa ni neno lilelile, mahali palepale. Kinachozitofautisha ni sauti kupanda mwishoni, na karatasini ni kile kiulizo. Simu ilichukua maneno, ikaiacha sauti Keko. Nami niliposoma mara tatu, mara zote tatu niliipandisha sauti mwenyewe, kwa sababu nilijua ninachouliza. Nilikuwa nahakiki kilichomo kichwani mwangu.

Siku hizi barua inasomwa na mpwa wangu, ambaye hajui ninamdai nani wala kwa nini. Anasoma kavukavu kama anayesoma namba za mita ya umeme, na akifika pasipo na alama hapumziki. Akishangaa, narekebisha. Na swali silitegemeshi tena kwenye kiulizo, nalifunga kwa maneno ambayo simu haiwezi kuyapotosha. Kwa mhasibu nikaandika upya: "Naomba kujua kama ankara yangu imelipwa au bado haijalipwa". Mpwa akasoma, akasema, "Hapa unauliza." Nikatuma.

Baada ya dakika tano mhasibu akajibu neno moja, na nukta yake kaiweka vizuri kabisa:

"Bado."